Barua pepe zikirudi, soma namba kabla ya kufuta anwani

"Nimetuma tangazo kwa watu 400, barua pepe 130 zimerudi. Si ni kwamba anwani hizo zimekufa?"

Baadhi huenda zimekufa. Lakini fungua barua zilizorudi, utafute namba. 5.1.1 maana yake sanduku hilo halipo, hiyo futa. 5.7.26 ni habari nyingine: anwani ni nzima, ila seva ya mpokeaji haikuweza kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako.

Chukulia chama cha wakulima wa korosho Masasi kinachowaarifu wanunuzi siku ya mnada. Kati ya 130, barua 12 zina 5.1.1, na 118 zina 5.7.26, zote za Gmail. Orodha ikifutwa hapo, wanunuzi 118 wazima wanapotea bure, na inauma. Kumbe chama kilihamia huduma mpya ya kutuma, na kikoa chake hakikuwekewa rekodi za DNS zinazothibitisha kwamba huduma hiyo inatuma kwa niaba yake.

Kagua mwenyewe kwenye terminal, ukiweka kikoa chako badala ya `example.com`, na badala ya `s1` jina la rekodi ya DKIM ulilopewa na huduma hiyo:

```
dig +short TXT example.com
dig +short TXT s1._domainkey.example.com
```

Jibu la kwanza liwe na mstari mmoja tu unaoanza na `v=spf1`, wenye kutaja huduma unayotumia sasa. Ikiwa miwili, SPF, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako, inashindwa, iunganishe. La pili likirudi tupu, DKIM, yaani ufunguo wa kuhakiki saini ya barua zako, haipo. Ukishasahihisha, jitumie barua kwenye Gmail, ufungue `Show original`: SPF na DKIM zote zisome `PASS`. Zile 12 hazitafufuka kwa rekodi yoyote.