Mauzo ya milioni 60: ubaki kwenye kodi ya makadirio au ufanye hesabu kamili?

Wenye maduka wengi Dar wanajua mauzo yasipozidi milioni 100 kwa mwaka unalipa kodi ya makadirio, yaani kodi kwa mauzo, basi, huulizwi matumizi. Wasichojua ni kwamba hujafungwa humo, sheria inakuruhusu kuchagua kutoka, ufanye hesabu kamili na kulipa kwa faida, na kuna watu wanaoumia kila mwaka kwa kutolijua hilo.

Nitatumia viwango vya mwaka 2024. Kwa mtu binafsi mwenye mauzo zaidi ya milioni 11 mpaka milioni 100, kodi ni asilimia 3.5 ya mauzo yote. Mauzo, sio faida! Hapo ndo shida ilipo, maana mwenye duka la jumla anayeuza unga na sukari na mwenye saluni wakiwa na mauzo sawa wanalipa sawa, wakati mmoja sehemu kubwa ya shilingi yake imeishia kwenye kununua mzigo na mwingine imebaki mfukoni.

Tuchukue duka la vyakula Mbagala, mauzo milioni 60 kwa mwaka. Makadirio: milioni 2 na laki moja. Sasa tufungue daftari. Mzigo uliouzwa umegharimu milioni 51, pango, msaidizi, umeme, leseni na usafiri jumla milioni 4 na nusu, inabaki faida milioni 4 na nusu. Kodi ya faida ya mtu binafsi haigusi 3,240,000 za mwanzo, kinachozidi hapo mpaka 6,240,000 kinatozwa asilimia 8. Kwahiyo milioni 1 na laki 2 na elfu 60 mara asilimia 8, unapata 100,800. Laki moja! Hata ukimlipa mhasibu tuseme laki 8 kwa mwaka, bado umeokoa kama milioni 1 na laki 2.

Swali ni faida ikifika wapi ndo hesabu kamili zinaacha kukufaa. Kwenye mauzo ya milioni 60, kodi mbili zinalingana faida ikiwa kama milioni 13.9, yaani asilimia 23 ya mauzo, na ukiweka gharama ya mhasibu wa laki 8 inashuka mpaka kama asilimia 18. Kwa mwenye mauzo ya milioni 20 mstari uko juu sana, asilimia 43 hivi kabla ya mhasibu, ila kodi yake ya makadirio ni laki 7 tu, mhasibu huyohuyo anaimaliza yote, kwahiyo yeye abaki alipo.

Saluni ya Sinza yenye mauzo milioni 30 na faida milioni 13 na nusu nayo ibaki. Makadirio ni 1,050,000, kwa faida ingelipa 1,986,000.

Sasa kinachoharibu, na hapa naomba tuelewane vizuri ndugu zangu, ni risiti. Ukishaenda kwenye faida, ununuzi usio na risiti ya EFD unakataliwa, na wengi tunachukua mzigo Kariakoo kwa karatasi ya mkono au bila kitu kabisa ili bei ipungue. Rudi Mbagala: kwenye zile milioni 51, tuseme ana risiti za milioni 30 tu. Afisa anaona faida ya milioni 25 na nusu, kodi 5,586,000, zaidi ya mara mbili ya makadirio aliyoyakimbia. Nilivyopiga, ukiweka na mhasibu wa laki 8, kwa duka hili risiti za milioni 6 na nusu zikikosekana faida yote ya kuhama imekwisha. Kwahiyo kabla ya kuamua, chukua miezi mitatu, jumlisha ulichonunua, halafu jumlisha risiti zenye TIN yako, tofauti ikiwa kubwa usihame mwaka huo, anza kwanza kudai risiti.

Kingine ni stoku. Hesabu mzigo dukani tarehe 31 Desemba, kwa bei ya kununulia, andika usaini, maana mzigo ambao haujauzwa bado sio gharama ya mwaka huo, ukiuingiza umejipunguzia faida kwa uongo na ukaguzi utaukuta. Unga na mafuta unayopeleka nyumbani sio matumizi ya biashara, wala mshahara unaojilipa mwenyewe.

Ukishaamua, makadirio yako ya faida unayapeleka kabla ya Machi kuisha, kodi unalipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, halafu ritani ya mwaka ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani mpaka 30 Juni. Mwenye mwaka mbaya wa hasara, huku kwenye faida hasara inabebwa kwenda mwaka unaofuata, wakati kwenye makadirio unalipa asilimia 3.5 hata kama umekula mtaji.