Kwa nini mapanga hayavuni upepo wote?

“Nimeona tangazo la mtambo wa upepo wenye kipenyo cha mita 2, wameandika wati 2000. Je, ni kweli? Na kwa mwaka utanipa uniti ngapi za umeme?”

Hapana, si kweli, na huhitaji kuuona mtambo wenyewe ili ujue. Mahali penye upepo wa wastani wa mita 5 kwa sekunde, tarajia uniti zipatazo 800 kwa mwaka.

Tuanze na upepo wenyewe. Nguvu iliyomo kwenye upepo unaopita katika duara la mapanga ni hii:

P = 0.5 × ρ × A × v³

Hapo ρ ni uzito wa mita moja ya ujazo ya hewa, yaani kilo 1.225 usawa wa bahari kwenye nyuzi 15 za Selsiasi. A ni eneo la duara ambalo mapanga yanalizungukia, na v ni kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde. Kipenyo cha mita 2 kinatupa eneo la mita za mraba 3.14. Matangazo mengi hupima nguvu kwenye upepo wa mita 12 kwa sekunde, basi tuutumie huo huo: 0.5 × 1.225 × 3.14 × 1728 ni karibu wati 3320. Hiyo ndiyo nguvu yote ya upepo, kabla panga halijaugusa.

Sehemu ya nguvu hiyo ambayo mtambo unafanikiwa kuichukua huitwa kizigeu cha nguvu, na huandikwa Cp. Tangazo la wati 2000 linadai 2000 kati ya 3320, yaani Cp ya 0.60. Hapo ndipo linapojifunga lenyewe, kwa sababu Cp haivuki 0.593. Mjerumani Albert Betz aliuonyesha ukomo huu mwaka 1919, na hautokani na ubovu wa vifaa. Hata mapanga yasiyo na msuguano wowote yangekwama hapo hapo.

Sababu yake inaeleweka bila hesabu ngumu. Ili upepo utoe nishati, lazima upunguzwe kasi. Lakini hewa iliyokwisha kupita mapanga inapaswa kuondoka ili iwapishe hewa nyingine. Ukiizuia mno, inarundikana, na upepo unaokuja nyuma yake unakwepa pembeni ya duara bila kukupa chochote. Ukiizuia kidogo mno, inapita na nishati yake.

Chukua upepo unaokuja kwa mita 9 kwa sekunde, nasi tuupunguze hadi utoke nyuma kwa mita 3. Pale kwenye mapanga kasi yake huwa wastani wa hizo mbili, yaani mita 6. Kwa hiyo hewa inayopita kwenye duara ni theluthi mbili tu ya ile ambayo ingepita kama mapanga yasingekuwepo, iliyobaki imekwepa. Kila kilo ya hewa iliyopita imebaki na kasi ya theluthi moja, na kwa kuwa nishati hufuata kasi mara kasi, imebaki na sehemu 1 kati ya 9 za nishati yake. Imetoa sehemu 8 kati ya 9. Zidisha: 2/3 × 8/9 = 16/27, ambayo ni 0.593. Sasa jaribu kuitoa hewa kwa mita 6 badala ya 3, utapata 0.46. Jaribu mita 1.5, utapata 0.57. Popote utakapojaribu hutaipita ile ya theluthi.

Mitambo mikubwa ya kisasa hufika kati ya 0.45 na 0.50 ikiwa kwenye kasi inayoifaa. Mitambo midogo, ukishahesabu na kinachopotea kwenye jenereta na nyaya, huwa kati ya 0.25 na 0.35. Ukichukua 0.30, mtambo wetu utatoa karibu wati 1000 kwenye upepo wa mita 12. Utakutana pia na mitambo iliyozungushiwa kitu kama faneli, ikidaiwa kuvuka ukomo. Pima eneo kwa ukingo wa nje wa hiyo faneli, si kwa mapanga yaliyo ndani, na dai hilo litaisha.

Sasa uniti za mwaka. Kosa la kwanza ni kuzidisha wati za tangazo kwa saa 8760 za mwaka. Kosa la pili limejificha zaidi: kuchukua wastani wa kasi na kuutia moja kwa moja kwenye fomula. Saa moja ya upepo wa mita 2 na saa nyingine ya mita 8 zina wastani wa mita 5. Kipeo cha tatu cha 5 ni 125. Lakini kipeo cha tatu cha 2 ni 8, na cha 8 ni 512. Wastani wao ni 260, zaidi ya maradufu. Upepo mkali wa muda mfupi hubeba sehemu kubwa ya nishati. Kwa mtawanyiko wa upepo unaotumika sana katika makadirio, ule wa Rayleigh, marekebisho yake ni kuzidisha kipeo cha tatu cha wastani kwa 1.91.

Mtawanyiko huo huo unaonyesha jambo jingine. Pakiwa na wastani wa mita 5, upepo huwa chini ya mita 3 kwa takriban robo ya saa zote za mwaka, lakini saa hizo hubeba asilimia 1 hivi tu ya nishati. Ndiyo maana sifa ya “unazunguka hata kwa upepo mdogo” haina uzito. Kwa upande wa pili, upepo unaozidi mita 12 huvuma kama saa 95 tu kwa mwaka. Upepo wa tangazo utauona kwa jumla ya siku nne.

Kwa kuwa mtambo haukai kwenye kasi yake bora mwaka mzima, tumia 0.20 kama ufanisi wa jumla. Ukiunganisha vyote, hesabu inakuwa fupi:

uniti kwa mwaka ≈ 2 × A × v³

Hapa v ni wastani wa kasi wa mwaka mzima, na lazima uwe umepimwa kwenye kimo cha mapanga. Kwa mtambo wetu: 2 × 3.14 × 125, kama uniti 785. Uniti mbili na kidogo kwa siku. Ukiwa kwenye mwinuko wa mita 1500, hewa ni nyepesi, kwa hiyo toa asilimia 14 hivi.

Makadirio mengi huharibikia kwenye hiyo v. Wastani ukiwa mita 4 badala ya 5, uniti zinashuka hadi 400, karibu nusu, kwa tofauti ambayo mtu akisimama nje haihisi. Takwimu za hali ya hewa huwa za uwanda wazi kwenye kimo cha mita 10. Paa lililozungukwa na miti halina upepo huo, na mtikisiko wake unakula beringi. Mapanga yawe angalau mita 9 juu ya kizuizi chochote kilicho ndani ya mita 150. Kama nguzo haiwezi kufika hapo, weka kipimaupepo pale pale mapanga yatakapokaa, kwa miezi kadhaa yenye upepo na isiyo na upepo, kabla ya kununua chochote.

Na kumbuka betri: ikishajaa, umeme unaoendelea kuzalishwa huishia kwenye kipasha joto cha kumwagia ziada, na uniti hizo hutazitumia ingawa hesabu inazo.