Hitimisho Juu, Viungo Chini: Dhana Potofu Kuhusu Kupanga Upya Ripoti ya Radiolojia

Ripoti ya CT iliyozoeleka huanza na sababu za kipimo, hufuata namna kilivyofanyika na picha za zamani zilizotumika kulinganisha, kisha huja matokeo katika aya moja au mbili nene, na hitimisho hukaa mwishoni kabisa. Mpangilio unaozungumziwa hapa huliweka hitimisho juu, mara baada ya sababu za kipimo, na kuyagawa matokeo katika vifungu vyenye majina ya viungo: ini, kifuko cha nyongo, kongosho, bandama, tezi za adrenali, figo na njia ya mkojo, na kuendelea. Kwa kuwa mabadiliko haya yanaonekana madogo, watu wengi huyachukulia kama kazi ya mpiga chapa. Nitatumia ripoti moja ya mfano kuonyesha kwa nini sivyo.

Mgonjwa wa mfano ni mwanamume wa miaka 52 aliyefika idara ya dharura ya hospitali ya rufaa jijini Dar es Salaam akiwa na maumivu makali ya ubavu wa kushoto yanayoshuka hadi kinenani. Daktari aliyempokea alitaka kujua kama kuna kijiwe, na mgonjwa akafanyiwa CT ya tumbo na nyonga bila dawa ya kontrasti. Ripoti yake, kwa mpangilio wa zamani, ilianza na sehemu ya chini ya mapafu, ambako kulionekana kinundu kigumu cha milimita 7 katika pafu la kulia. Ikaendelea na ini, bandama na kongosho, ikataja kinundu cha milimita 15 katika tezi ya adrenali ya kushoto chenye uniti 4 za Hounsfield, yaani kipimo cha msongamano wa tishu katika CT, na kifuko kidogo cha maji katika figo ya kulia. Mwishoni mwa aya ndipo lilipokuja jambo lililoulizwa: kijiwe cha milimita 6 pale mrija wa mkojo wa kushoto unapoingia kwenye kibofu, na figo ya kushoto iliyotanuka kidogo kwa sababu mkojo umezuiwa. Hitimisho lilisema hivi: "Kijiwe pamoja na mabadiliko yaliyoelezwa hapo juu. Viungo vingine ni vya kawaida."

Dhana: Kazi yote ni kulikata hitimisho na kulibandika juu.

Ukilibandika juu hitimisho hilo jinsi lilivyo, maneno "yaliyoelezwa hapo juu" yanabaki hayana kitu cha kuelekeza, kwa maana juu yake hakuna tena kitu isipokuwa jina la mgonjwa na sababu za kipimo. Hilo ni kosa jepesi, na kila msomaji ataliona. Zito ni lile lililokuwa limefichwa na mpangilio wa zamani: hitimisho halisemi kijiwe kiko upande gani, kina ukubwa gani, wala kama kimezuia mkojo, na tena linadai kuwa viungo vingine ni vya kawaida ilhali aya ya matokeo imetaja kinundu cha pafu na kinundu cha adrenali. Msomaji wa zamani aliyepitia aya nzima aliweza kuyaunganisha mwenyewe. Msomaji anayekutana na hitimisho kwanza hana cha kuunganisha, kwa hiyo hitimisho lazima liandikwe upya liweze kusimama peke yake.

Kwa mgonjwa wetu ningeliandika hivi: "1. Kijiwe cha milimita 6 mwishoni mwa mrija wa mkojo wa kushoto, pale unapoingia kwenye kibofu, kimezuia mkojo na kuitanua figo ya kushoto kwa kiasi kidogo. 2. Kinundu kigumu cha milimita 7 chini ya pafu la kulia kimeonekana bila kutarajiwa, na sehemu kubwa ya mapafu haikupigwa picha. Inashauriwa CT ya kifua kizima kati ya miezi 3 na 12, kulingana na hatari ya mgonjwa. 3. Kinundu cha milimita 15 katika tezi ya adrenali ya kushoto kina sifa za adenoma isiyo saratani, na hakihitaji kufuatiliwa kwa picha."

Mpangilio wa namba hizo haufuati kichwa hadi miguu kama matokeo yanavyofuata. Namba ya kwanza inajibu swali la daktari, na ndiyo itakayoamua kitakachofanyika usiku huo huo, hasa kama mgonjwa ana homa, kwa sababu figo iliyozibwa ikapata maambukizi inahitaji kufunguliwa njia ya mkojo kwa haraka. Namba ya pili haina haraka hiyo, lakini ikisahaulika hakuna mwingine atakayeikumbuka, maana mgonjwa amekuja kwa ajili ya figo na atahudumiwa na madaktari wa njia ya mkojo. Muda wa miezi 3 hadi 12 unatoka katika mwongozo wa mwaka 2017 wa Jumuiya ya Fleischner, chama cha kimataifa cha wataalamu wa picha za kifua, kuhusu vinundu vya milimita 6 hadi 8 vinavyoonekana katika CT isiyoonyesha kifua kizima. Mwongozo huo haukutungwa kwa walio chini ya miaka 35, wenye saratani inayojulikana, wala wenye kinga dhaifu ya mwili. Katika jiji ambalo kifua kikuu ni ugonjwa wa kila siku, anayeandika pendekezo hilo anapaswa kujua kwanza kama mgonjwa anaishi na VVU au amewahi kutibiwa kifua kikuu, na kama taarifa hiyo haipo katika fomu ya maombi, aseme kuwa pendekezo linamhusu mtu mwenye kinga ya kawaida.

Namba ya tatu inasimama juu ya kipimo kimoja: kinundu cha adrenali chenye uniti 10 za Hounsfield au pungufu, kikiwa cha aina moja kotekote katika picha isiyo na kontrasti, kina mafuta mengi na kwa kawaida ni adenoma. Suala la kama kinundu hicho kinatoa homoni ni la daktari anayemhudumia. Kifuko cha maji cha figo ya kulia sikukiweka kabisa. Kinabaki katika kifungu cha figo, kwa kuwa hitimisho linaloorodhesha kila kitu humrudishia msomaji kazi ileile ya kutafuta kilicho muhimu.

Dhana: Kuliweka hitimisho mbele ni kuamua kabla ya kutazama.

Mfuatano wa kusoma picha na mfuatano wa kuandika ni mambo mawili tofauti. Mtaalamu wa radiolojia hupitia viungo vyote, huandika matokeo, na hitimisho huliandika mwisho. Ni ukurasa tu unaoliweka juu. Hatari ya kweli iko pengine: kiolezo cha ripoti kikifunguka kwenye kompyuta kishale kikiwa tayari kwenye kisanduku cha hitimisho, mwandishi aliyechoka anaweza kulijaza kwanza. Afadhali kishale kianzie kwenye kiungo cha kwanza.

Dhana: Kila kiungo kikiwa na kichwa chake, hakuna kitakachosahaulika.

Hapa ndipo ninapoona madhara makubwa zaidi, kwa sababu vichwa vya viungo huja pamoja na violezo vilivyojazwa tayari neno "kawaida", na mwandishi hubadilisha pale tu anapoona tatizo. Ndivyo kifuko cha nyongo kinavyoandikwa kuwa ni cha kawaida kwa mtu aliyekwisha kuondolewa kifuko hicho kwa upasuaji, na mfuko wa uzazi unavyoandikwa kuwa ni wa kawaida katika ripoti ya mwanamume. Makosa ya aina hiyo angalau hujitangaza. Usilotambua kirahisi ni "ini ni la kawaida" katika CT isiyo na kontrasti kama hii ya mgonjwa wetu, kwa kuwa uvimbe mwingi wa ini hauonekani bila kontrasti. Kifungu cha ini kilipaswa kusema: "Ukubwa na umbo ni vya kawaida. Uvimbe mdogo hauwezi kuondolewa shaka kwa kipimo kisicho na kontrasti." Kisanduku kikianza tupu, na ripoti isikubali kusainiwa kabla hakijajazwa, mwandishi analazimika kuwa amekitazama kiungo.

Kuna pia matokeo yasiyo na kiungo kimoja. Kijiwe, mrija na figo iliyotanuka ni habari moja, na ripoti inayoweka figo katika kifungu kimoja na mrija katika kingine huikata habari hiyo vipande. Ndiyo maana ninapendelea kichwa "figo na njia ya mkojo" kuliko vichwa viwili. Kwa uvimbe ulioanzia kongosho ukavamia mshipa na utumbo, maelezo kamili yakae pale ulipoanzia, na vifungu vingine vielekeze huko kwa sentensi moja bila kurudia vipimo, kwa kuwa kipimo kikiandikwa mara mbili kuna siku kitatofautiana.

Dhana: Daktari akipewa hitimisho kwanza hatasoma matokeo tena.

Anayetaka hitimisho tu hulifungua moja kwa moja hata likiwa mwishoni. Vichwa vya viungo humsaidia yule mwenye swali mahususi, kwa mfano daktari wa upasuaji anayetaka kujua hali ya figo ya kulia kabla ya kuigusa ya kushoto. Kwa mazingira yetu naongeza jambo la bahasha na simu. Mgonjwa anayehamishwa kutoka Temeke au Amana kwenda Muhimbili mara nyingi hubeba karatasi mkononi, na ukurasa wa kwanza hupigwa picha na kutumwa WhatsApp kabla hajafika. Mpangilio mpya hufanya ukurasa huo uwe na kilicho muhimu, lakini kwa sharti kwamba upande, ukubwa na mipaka ya kipimo viwemo ndani ya hitimisho lenyewe, kwa kuwa vya ukurasa wa pili havitafika. Jambo la dharura bado hupigiwa simu, na jina la aliyepokea pamoja na saa huandikwa katika ripoti.

Dhana: Ripoti za zamani zinaweza kupangwa upya na yeyote anayejua kompyuta.

Ripoti iliyosainiwa ni kumbukumbu ya kitabibu. Haifutwi wala haiandikwi juu yake, na kinachobadilika huongezwa kama nyongeza yenye tarehe na saini, huku ya awali ikibaki. Kwa rasimu ambayo haijasainiwa, msaidizi anaweza kuhamisha sentensi kwenye vifungu vyake, ila asiguse maneno ya uhakika: "huenda ni", "inaelekea kuwa" na "haiwezi kuondolewa shaka" hayabadilishani nafasi. Kisha mtaalamu huikagua kwa pande mbili. Kwanza huchukua kila sentensi ya hitimisho na kuitafuta katika kifungu chake, akilinganisha upande, kipimo na kiwango cha uhakika. Halafu huchukua kila jambo lisilo la kawaida katika vifungu na kuuliza kama limo katika hitimisho au limeachwa kwa makusudi. Katika ripoti ya mgonjwa wetu, ukaguzi wa upande wa kwanza pekee ungeweza kupita bila kukiona kinundu cha pafu, kwa kuwa hitimisho la awali halikukitaja. Ni ukaguzi wa upande wa pili ndio unaokikuta.