Mizani ya Jumatatu baada ya harusi: dhana potofu na ukweli

Tumchukue mama wa Tanga anayetaka kupunguza uzito. Amepunguza ugali na wali, hanywi soda, na kila asubuhi anapanda mizani na kuandika namba kwenye daftari. Jumapili asubuhi amesoma kilo 77.9. Jioni akaenda harusini, akala pilau, nyama, achari na kachumbari, akashushia soda mbili. Jumatatu mizani ikasoma 79.6.

Dhana: "Nimenenepa karibu kilo mbili usiku mmoja."

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori 7,700 hivi. Ili kilo 1.7 zote ziwe mafuta, angepaswa kula kalori 13,000 zaidi ya zile mwili wake ulizozitumia siku hiyo. Tuseme sahani kubwa ya pilau la nyama ina kalori 900. Hizo ni sahani kumi na nne na nusu, juu ya chakula chake cha kawaida. Hakuna aliyekula hivyo.

Basi uzito umetoka wapi? Tuanze na chumvi. Chakula cha sherehe kina chumvi nyingi, na achari ndiyo imezidi. Mwili hauachi damu iwe na chumvi kupita kiasi: unakutia kiu, unywe, na figo hubakiza maji mpaka chumvi ya ziada itolewe kwa mkojo. Gramu 9 za chumvi huzuia karibu lita moja ya maji, na lita ya maji ni kilo. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, gramu 5 hivi, kinatosha kuongeza nusu kilo kwa siku moja au mbili.

Halafu kuna glaikojeni, yaani wanga uliowekwa akiba. Mtu mzima huweka gramu 100 hivi kwenye ini na karibu 400 kwenye misuli, na kila gramu hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Mama huyu alikuwa amepunguza wanga kwa siku kadhaa, kwa hiyo ghala lilikuwa limepungua. Pilau na soda zikalijaza. Akirudisha gramu 200 tu, pamoja na maji yake tayari ni kilo 0.8.

Mwisho ni chakula chenyewe, ambacho bado kimo tumboni. Safari ya mlo kutoka mdomoni hadi chooni huchukua siku moja hadi tatu, na muda wote huo unaubeba. Tumhesabie kilo 0.3. Kilo 0.1 inayobaki ndiyo inayoweza kuwa mafuta, yaani ziada ya kalori 770. Jumla ni 1.7. Hakuna mizani ya nyumbani inayoweza kuyagawa mafungu haya kwa uhakika, lakini ukubwa wake ni wa namna hiyo.

Dhana: "Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu, kwa hiyo mlo ule unayeyusha mafuta."

Hili ndilo linalouza milo ya "siku saba", na linaniuma kwa sababu watu wanalipa kwa ajili yake. Ni hesabu ileile ya harusi ikienda kinyume. Ukiacha wanga ghafla, ghala la glaikojeni hupungua na maji yake yanatoka. Insulini ikishuka, figo pia huachia chumvi, na chumvi huondoka na maji. Tumbo nalo lina chakula kidogo. Kilo mbili zinaweza kwenda hivyo kabla mafuta hayajapungua hata nusu kilo. Wiki ya tatu mizani ikipunguza mwendo, mtu husema mlo "umekataa" na kuuacha, kumbe mafuta yanapungua kwa kasi ileile ya mwanzo. Kilichokwisha ni maji ya kutoa.

Nailoni ya kujifunga tumboni na chai za kuharisha zina hesabu hiyohiyo: zinatoa jasho na kinyesi, na ukinywa maji uzito unarudi. Chai za kuharisha zikitumiwa mara kwa mara huondoa pia potasiamu, ambayo moyo unaihitaji upige sawasawa.

Dhana: "Kupima kila siku kunachanganya. Pima kila Jumatatu tu."

Hapa turudi kwenye daftari la wiki tatu. Harusi ilikuwa Jumapili ya mwisho wa wiki ya kwanza.

Wiki ya kwanza: 78.4, 78.1, 78.3, 77.8, 78.0, 77.7, 77.9
Wiki ya pili: 79.6, 79.0, 78.3, 77.8, 77.5, 77.4, 77.3
Wiki ya tatu: 77.6, 77.4, 77.7, 77.2, 77.3, 77.0, 77.2

Angepima Jumatatu pekee angeona 78.4, kisha 79.6, kisha 77.6. Jumatatu ya pili angeamini ameharibu kila kitu, na ya tatu angeamini amepungua kilo mbili kwa wiki. Yote mawili si kweli. Namba moja ya wiki hubeba bahati yote ya siku hiyo, na huna jirani zake wa kuisahihisha.

Sasa jumlisha kila wiki na ugawe kwa saba. Wastani ni 78.0, kisha 78.1, kisha 77.3. Ona kwamba hata wastani wa wiki ya pili umepanda kidogo, kwa sababu siku mbili za harusi zimeuvuta. Ndiyo maana nasema usihukumu kwa wiki moja. Kutoka wiki ya kwanza hadi ya tatu amepungua kilo 0.7 kwa siku 14, sawa na gramu 350 kwa wiki. Hiyo ni kama kalori 380 pungufu kila siku. Mlo wake unafanya kazi, na haujahitaji kubadilishwa.

Ili namba zilinganishike, pima asubuhi baada ya choo, kabla ya kula na kunywa, ukiwa na nguo nyepesi zilezile. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu, mahali palepale, si juu ya zulia.

Kwa mwanamke anayepata hedhi, wiki tatu zinaweza zisitoshe. Wengi hushika maji siku za kuelekea hedhi na mwanzoni mwake, wengine hadi kilo moja au zaidi. Linganisha wastani wa wiki fulani ya mzunguko na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Dhana: "Nimeanza mazoezi juzi, uzito umepanda, ni misuli."

Misuli haijengeki kwa siku tatu. Mazoezi mapya huacha misuli ikiuma, na misuli inayojikarabati hushika maji. Maumivu yakiisha, maji hupungua.

Dhana: "Kama ni maji tu, hayana neno."

Maji ya harusi huondoka yenyewe kwa siku tatu au nne, kama daftari linavyoonyesha. Yakikataa, ukibonyeza mguu kidole kikaacha shimo, au ukiishiwa pumzi unapolala chali, hiyo ni hoja ya hospitali. Mwenye ugonjwa wa moyo akiongezeka kilo mbili kwa siku mbili tatu asisubiri wastani. Mjamzito anayevimba ghafla uso na mikono, hasa akiumwa kichwa au kuona maluweluwe, aende siku hiyohiyo.