Asilimia 3 ya mkopo na asilimia 10 ya kikoba

"Natafuta mtaji wa kufuga kuku wa nyama. Kikoba kinatoza asilimia 10, taasisi ya mikopo asilimia 3 tu. Si bora taasisi?"

Uliza kwanza: asilimia hiyo ni ya mwezi au ya mkopo mzima? Chukua shilingi 600,000 kwa miezi 6. Asilimia 3 kila mwezi juu ya mkopo wote ni 108,000. Asilimia 10 ya mara moja ni 60,000, na sehemu yake hukurudia wanachama mnapogawana faida ya kikoba. Ila vikoba vingi hukopesha hadi mara tatu ya hisa zako, kwa hiyo uwe na 200,000 tayari.

Rejesho la taasisi, 118,000 kila mwezi, mara nyingi huanza mwezi mmoja tu baada ya kukopa, kuku wa nyama hawajafikia kuuzwa. Kuna njia nyingine mbili za mtaji. Ndugu kwa kawaida hatozi riba, lakini andikianeni tarehe ya kulipa. Mwekezaji hadai rejesho. Anachukua sehemu ya faida miaka yote.