Hisa za kantini: bei ikipanda, hela inaenda kwa nani?

Tuchukue kantini ya shule moja ya Moshi. Mama mwenye kantini anauza maandazi na chai, na vifaa vyake pamoja na bidhaa vina thamani ya shilingi 600,000. Anataka friza ya 400,000 auze juisi baridi. Hataki mkopo, kwa hiyo anaigawa biashara katika hisa 1,000 za shilingi 1,000 kila moja. Anabaki na 600 na kuuza 400. Wewe wa kidato cha tatu unanunua 10 kwa shilingi 10,000.

Hapo hela yako imenunua friza. Wewe humdai mama huyo chochote, ila una sehemu ya kantini. Muhula ukiisha na faida ya 240,000, wenye hisa wanakubaliana nusu ibaki kuongeza bidhaa, na nusu igawiwe. 120,000 kwa hisa 1,000 ni shilingi 120 kwa hisa, hivyo gawio lako ni 1,200. Muhula wenye hasara, hupati kitu. Anayekuahidi faida ileile kila wiki anakuuzia upatu, si hisa.

Kupiga kura nako hufuata hisa: mama ana 600, wewe 10. Waliokulia kwenye ushirika wa kahawa, kama KNCU, hili huwashangaza, maana kule kila mwanachama ana kura moja.

Sasa zinavuma habari kwamba shule itajenga bweni jipya. Rafiki yako anataka hisa zako kwa 1,300 kila moja. Unauza, unapata 13,000. Kantini imeingiza kiasi gani? Hata senti. Friza ni ileile, maandazi ni yaleyale, ila umiliki umehama. Bweni lisipojengwa, rafiki yako ndiye atakayeumia.

Biashara nyingi za kila siku katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza na kununua hisa mwaka 1998, ni za aina hii. Kampuni hupata mtaji inapouza hisa mpya. Baada ya hapo wenye hisa huuziana wenyewe kupitia madalali wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Na bei haitangazwi na mwenye kantini. Ukitaka 1,300 na mnunuzi akasimamia 1,250, hakuna biashara mpaka mmoja alegeze. Wiki ya kufunga shule, kila mwenye hisa anataka nauli na hakuna mnunuzi. Bei ya mwisho iliyoandikwa ubaoni bado ni 1,300, lakini huipati. Hata Dar es Salaam zipo hisa ambazo siku hupita bila kuuzwa hata moja, ndiyo maana ukisoma taarifa ya soko, tazama pia idadi ya hisa zilizouzwa, si bei peke yake.