Barua ya kupinga salio la mkopo ni nini?

Ni barua ambayo mkopaji humwandikia mkopeshaji akionyesha kuwa kiasi fulani kwenye taarifa ya mkopo wake hakiko sahihi, na kutaka kielezwe au kifutwe. Haiombi huruma wala kuongezewa muda. Deni lenyewe mkopaji analikubali. Anachokikataa ni mstari mmoja.

Chukua mama lishe wa Mbagala ambaye rejesho lake ni shilingi 290,000 kila tarehe 5. Mwezi Machi alilipa kwa simu siku hiyohiyo, lakini malipo yakaingizwa kwenye akaunti ya mkopo tarehe 9, na tayari tarehe 6 alishapigwa faini ya kuchelewa, shilingi 15,000. Ataambiwa ni hela ndogo. Si ndogo, kwa sababu wakopeshaji wengi hukata faini kwanza, halafu riba, na deni la msingi huja mwisho. Kwa hiyo katika zile 290,000, zilizohesabiwa kama rejesho ni 275,000 tu, na akaonekana kapunguza 15,000. Aprili upungufu huo ukazaa faini nyingine ya 15,000. Akalipa 290,000 kama kawaida: 15,000 zikaliwa na faini mpya, 15,000 zikaziba pengo la Machi, zikabaki 260,000. Sasa anadaiwa 30,000 za ziada, na hajawahi kuruka rejesho hata moja.

Ndiyo maana barua inayoomba faini ya Machi tu ifutwe haitoshi. Iandikwe hivi:

"YAH: KUPINGA FAINI YA SHILINGI 15,000 YA TAREHE 6 MACHI

Nililipa rejesho tarehe 5 Machi, kama namba ya muamala iliyoambatishwa inavyoonyesha. Naomba mnionyeshe kifungu cha mkataba kilichotumika kunitoza. Kama hakipo, mfute faini hiyo pamoja na ya Aprili iliyotokana nayo, mpange upya malipo yangu kuanzia tarehe 5 Machi, na mnipe taarifa mpya ya mkopo."

Juu ya hapo weka namba ya mkopo. Ujumbe wa muamala ukiwa umefutika, kampuni ya simu inaweza kukupa taarifa ya miamala ya siku hiyo.

Kabla ya kuandika, soma mkataba. Mkataba ukisema malipo huhesabiwa siku yanapomfikia mkopeshaji, si siku ulipotuma, hoja ya mama lishe wetu inalegea, na swali linakuwa ni nani aliyezichelewesha hizo fedha. Wakati mnabishana, endelea kulipa rejesho lako lote. Ukigoma, utapigwa faini ambazo ni halali.

Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Kumweleza afisa mikopo kwa mdomo hakuachi kumbukumbu. Mkopeshaji mwenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania akikaa kimya, malalamiko yako yanaweza kufika Benki Kuu, na huko utatakiwa kuonyesha kwamba ulianza kwake.